Lebo chafu: usimame mapema, ubadilishe hasara, uchuje au usafishe?

Mwaka 2017 Chiyuan Zhang na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo ninaloanza nalo kila ninapoulizwa kuhusu lebo chafu, yaani data ya mafunzo ambayo baadhi ya lebo zake si sahihi. Walichukua picha za mafunzo za CIFAR-10, ambazo ni 50,000 katika aina 10, wakaondoa lebo za kweli na kuipa kila picha lebo ya bahati nasibu. Paka akaitwa lori, ndege akaitwa chura, bila mpango wowote. Mtandao wa neva uliofunzwa kwa data hiyo ulifika kosa sifuri kwenye mafunzo. Kwenye picha ambazo haukuziona kabla, ulikuwa sawa na mtu anayebahatisha.

Maana yake ni kwamba mtandao wa kawaida una nafasi ya kutosha kukariri kila kosa ulilouwekea. Hautakulalamikia kwamba lebo hazieleweki. Hasara, yaani kipimo cha kosa la modeli kwenye mafunzo, itashuka vizuri, grafu itapendeza, na utagundua shida siku modeli inapoanza kazi. Basi swali si kama modeli itakariri makosa. Itayakariri ukiipa muda. Swali ni ufanye nini kabla haijafika huko, na kuna njia nne ambazo mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzitumia: kusimamisha mafunzo mapema, kubadilisha hasara, kuchuja mifano wakati wa mafunzo, na kusafisha lebo zenyewe. Ninazilinganisha hapa, lakini kwanza tuone kukariri kunatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo tofauti zao zinapoanzia.

Nani anavuta zaidi

Tuchukue CIFAR-10 hiyo hiyo, safari hii tuharibu lebo 40% tu, kila iliyoharibiwa ikipelekwa kwa aina yoyote kati ya tisa nyingine kwa usawa. Aina ya paka ina picha 5,000. Kati ya hizo, 3,000 bado zinaitwa paka na 2,000 zimetawanywa, kama 222 kwa kila aina nyingine. Mwanzoni mwa mafunzo mtandao haujui picha moja moja. Unachokiona ni sura zinazojirudia: masikio yale, macho yale. Kwa sura hizo kuna sauti 3,000 zinazosema paka, na hakuna kundi pinzani linalozidi 222. Gradienti za mifano sahihi zinajumlishana kwa sababu zote zinaelekea upande mmoja, huku za mifano chafu zikivutana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana mtandao hujifunza ukweli kwanza. Devansh Arpit na wenzake walionyesha jambo hili mwaka huo huo wa 2017: mitandao hushika kwanza ruwaza rahisi zinazoshirikiwa na mifano mingi, na kukariri kunafuata baadaye.

Kisha hali inageuka, na chanzo ni hasara ya krosi-entropi yenyewe. Kwa mfano mmoja, nguvu ya kuivuta modeli kuelekea lebo iliyoandikwa ni 1 − p, ambapo p ni uwezekano ambao modeli imeipa lebo hiyo. Picha ya paka iliyoitwa paka, ambayo modeli tayari inaikubali kwa p = 0.95, inavuta kwa 0.05 tu. Picha ya paka iliyoitwa lori, ambayo modeli inaipa lori p = 0.02, inavuta kwa 0.98. Yaani kosa moja sasa lina nguvu ya karibu mifano 20 iliyo sahihi. Wengi wameshashiba na kunyamaza, wachache wenye njaa ndio wanaosukuma. Kwa kuwa hakuna sura ya pamoja inayoeleza kwa nini paka huyu ni lori, njia pekee ya kuishusha hasara ni kushika alama za picha hiyo moja: kona fulani ya zulia, kivuli fulani. Huko ndiko kukariri.

Kuna njia rahisi ya kuona kukariri kukifanyika. Kama lebo 40% ni mbovu, modeli inayojua ukweli wote bila kukariri chochote ingekubaliana na lebo zilizoandikwa kwa 60% tu. Ukipima usahihi kwenye data ya mafunzo, ukiwa umezima mabadiliko ya nasibu ya picha na dropauti, ukasoma 85%, basi angalau asilimia 25 ya data, yaani picha 12,500, imekubaliana na lebo za uongo. Namba ambayo kwa data safi ungeifurahia, hapa ni dalili ya ugonjwa.

Kama hujui kiasi cha makosa, tega mtego: chukua mifano 500 ambayo una uhakika nayo, igeuze lebo kwa makusudi, iachie ndani ya mafunzo, na kila epoki, yaani kila mzunguko mmoja wa data yote, hesabu ni mingapi modeli inaiita kwa lebo ya uongo. Hesabu hiyo ikianza kupanda, kukariri kumeanza. Mtego huu ni rahisi na ninashangaa hautumiki zaidi.

Kusimama mapema

Kwa kuwa ukweli huja kwanza, njia ya bei nafuu kuliko zote ni kusimama kabla ya zamu ya makosa. Haihitaji kubadilisha modeli wala kujua kiasi cha uchafu. Inahitaji kipimo cha kukuambia lini, na hapo ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu data yao ya uhakiki nayo imetoka kwenye chungu kile kile chenye lebo chafu.

Je, uhakiki mchafu unafaa? Inategemea aina ya uchafu. Kwa uchafu wa nasibu wa 40% tuliouona, modeli yenye usahihi wa kweli wa 85% itasoma 0.85 × 0.6 + 0.15 × 0.4/9, ambayo ni takribani 51.7%. Yenye usahihi wa kweli wa 70% itasoma 43.3%. Namba zote ziko chini na zinatisha, dari ikiwa 60%, lakini mpangilio haukubadilika: iliyo bora bado inaongoza. Kwa hiyo unaweza kuchagua epoki kwa uhakiki mchafu, mradi usimwambie mtu yeyote kwamba modeli yako ina usahihi wa 51.7%.

Uchafu wenye mwelekeo ni habari nyingine. Tuseme paka wale 2,000 wote wameitwa mbwa. Sasa ni 3,000 dhidi ya 2,000, na kosa lenyewe limekuwa ruwaza rahisi inayoshirikiwa na mifano mingi. Mtandao utaishika mapema, sambamba na ukweli. Uhakiki mchafu nao hautaiadhibu vya kutosha modeli inayowaita baadhi ya paka mbwa. Hapa kusimama mapema kunasaidia kidogo tu, na bila kundi dogo la uhakiki lililokaguliwa kwa mkono unaendesha gari ukiwa umefumba macho.

Kundi hilo liwe na ukubwa gani? Kwa mifano 500 na usahihi wa karibu 85%, kosa la kawaida la kipimo ni kama asilimia 1.6. Usihangaike basi na tofauti ya nusu asilimia kati ya epoki ya 14 na ya 17, chukua yoyote. Hifadhi pia nakala za modeli kila epoki badala ya kukata mafunzo papo hapo, maana kwenye data chafu mkondo wa kosa la uhakiki unaweza kushuka, ukapanda, kisha ukashuka tena. Ukiwa na nakala zote unachagua kwa utulivu.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba mifano migumu iliyo sahihi nayo hujifunzwa mwishoni. Ukisimama mapema unaiacha nje pamoja na makosa. Kama kazi yako inategemea mifano adimu, utalipa gharama hiyo.

Kubadilisha hasara

Ikiwa tatizo ni kwamba kosa moja linavuta kama mifano 20, kwa nini tusipunguze mvuto huo? Mwaka 2018 Zhilu Zhang na Mert Sabuncu walipendekeza hasara hii, yenye kigezo kimoja q:

```python
def gce(logits, y, q=0.7):
    p = logits.softmax(1).gather(1, y[:, None]).squeeze(1)
    return ((1 - p.clamp_min(1e-6) ** q) / q).mean()
```

Ukiisogeza q hadi karibu na sifuri unarudi kwenye krosi-entropi. Ukiiweka 1 unapata hasara ya tofauti halisi, ambayo inavumilia makosa mengi lakini hufunza polepole mno. Kilichobadilika kwenye mvuto ni kwamba 1 − p sasa inazidishwa kwa p^q. Weka namba zetu kwa q = 0.7:

| Mfano | p | Krosi-entropi | Hasara mpya |
|---|---|---|---|
| Paka aliyeitwa paka | 0.95 | 0.05 | 0.048 |
| Paka aliyeitwa lori | 0.02 | 0.98 | 0.063 |

Uwiano umetoka karibu 20 kwa 1 hadi 1.3 kwa 1. Lile lori la uongo bado linavuta, ila sasa ni sauti moja kama wengine, na mifano sahihi inaweza kulishinda kwa wingi.

Kwenye jedwali hilo hilo kuna udhaifu wa njia hii. Hasara mpya inadharau kila mfano ambao modeli inaupa p ndogo, na mwanzoni mwa mafunzo kila mfano una p ndogo. Kwa aina 10, p ya kuanzia ni kama 0.1, na 0.1^0.7 ni takribani 0.2, kwa hiyo mvuto umepungua mara tano. Mafunzo yanachelewa kidogo lakini yanafika. Kwa aina 1,000, p ya kuanzia ni 0.001 na kizidishio ni 0.008. Modeli inaweza kukaa pale pale ilipoanza. Dalili utaiona mara moja: usahihi wa mafunzo haupandi kabisa kwa epoki kadhaa. Dawa ni kuanza na krosi-entropi kwa epoki chache hadi ruwaza rahisi zishike, kisha uhamie hasara mpya, au upunguze q.

Kulinganisha na kusimama mapema: hasara mpya inakupa uhuru wa kufunza kwa muda mrefu zaidi bila wasiwasi, kwa hiyo mifano migumu inapata nafasi kiasi. Lakini haitofautishi mfano mgumu na mfano mbovu. Vyote kwake ni p ndogo. Dhidi ya paka 2,000 walioitwa mbwa haina msaada wa maana, kwa sababu mbwa pale hana p ndogo kiasi hicho.

Kulainisha lebo, yaani kuweka 0.9 badala ya 1 na kuigawa 0.1 kwa aina zote, ni binamu wa karibu. Ni mstari mmoja wa msimbo na kunapunguza kujiamini kupita kiasi. Kuweke, hakuna madhara, lakini usitegemee kwamba peke yake kutazuia kukariri.

Kuchuja wakati wa mafunzo

Wazo la tatu linatumia hasara yenyewe kama kichujio. Baada ya epoki chache za mwanzo, mifano sahihi ina hasara ndogo na mibovu ina hasara kubwa. Basi katika kila fungu dogo la mafunzo tupa mifano yenye hasara kubwa na ufunze kwa iliyobaki. Tatizo ni kwamba modeli inayojichagulia mifano huzidi kuamini makosa yake yenyewe. Mwaka 2018 Bo Han na wenzake walijibu kwa kufunza mitandao miwili kwa pamoja, kila mmoja ukimchagulia mwenzake mifano ya hasara ndogo, kwa matumaini kwamba makosa ya mmoja si makosa ya mwingine.

Sipendi kuipendekeza njia hii kama hatua ya kwanza, na gharama ya mitandao miwili si sababu kuu. Kwanza, lazima useme utatupa asilimia ngapi, yaani ujue kiasi cha uchafu, jambo ambalo kwa kawaida ndilo hulijui. Pili, inaonea aina ndogo. Chukua mifano 20,000 ambamo aina moja ina mifano 400 tu. Ukiamua kutupa 12% yenye hasara kubwa, unatupa 2,400. Aina ile ya mifano 400 hujifunzwa polepole kwa sababu ni adimu, hivyo hasara zake ni kubwa hata pale lebo ziko sawa. Inaweza kufagiliwa karibu yote, na usahihi wa jumla hautakuonyesha chochote, kwa kuwa 400 kati ya 20,000 ni 2%. Ukiitumia, panga hasara ndani ya kila aina peke yake, na kila epoki chapisha idadi ya mifano iliyobaki kwa kila aina. Aina ikianza kuyeyuka, simama.

Mahali inapong'aa ni pale uchafu ni mwingi sana na wa nasibu kweli kweli, kama lebo zilizokusanywa na mashine bila mtu kuzipitia.

Kusafisha lebo zenyewe

Njia tatu zilizotangulia zinaishi na uchafu. Ya nne inauondoa, na watu huikimbia kwa sababu inahitaji macho ya binadamu. Mimi ndiyo ninayoipenda, maana haikulazimishi kupitia mifano yote bali inapanga foleni, na macho yanatazama mbele ya foleni tu.

Msingi wake ni kwamba modeli isihukumu mfano ambao ilifunzwa nao. Ikiwa imeshamkariri yule lori, itakuambia ni lori. Gawa data mafungu matano, funza kwa manne, tabiri la tano, zunguka hadi kila mfano uwe umetabiriwa na modeli ambayo haikuuona:

```python
P = cross_val_predict(modeli, X, y, cv=5, method="predict_proba")
imani = P[np.arange(len(y)), y]
foleni = imani.argsort()
```

Mbele ya foleni kuna mifano ambayo modeli inaipa lebo iliyoandikwa uwezekano mdogo kuliko yote. Hapa tena aina adimu zina imani ndogo kwa jumla, kwa hiyo gawanya imani ya kila mfano kwa wastani wa imani ya aina yake kabla ya kupanga. Kuwa mwangalifu pia na nakala: picha ile ile ikiwa mara mbili na lebo ile ile mbovu, moja ikaanguka kwenye mafungu ya mafunzo, nyingine itatabiriwa kwa ujasiri wote na kosa litafichika. Ondoa nakala kwanza.

Twende na hesabu ya kweli ya kazi. Tuseme una mifano 20,000. Chukua 200 kwa nasibu, ikague kwa mkono, ukute 24 ina lebo mbovu. Hiyo ni 12%, na kwa sampuli ya 200 ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.5% na 16.5%, yaani makosa kama 1,500 hadi 3,300. Ukikagua mfano mmoja kwa sekunde 20, kukagua yote ni saa 111. Kukagua 3,000 za mbele ya foleni ni kama saa 17. Tuseme ndani ya hizo 3,000 ulikuta makosa 1,600. Ikiwa jumla ilikuwa 2,400, yamebaki 800, na uchafu umeshuka kutoka 12% hadi 4% kwa siku mbili na kidogo za kazi.

Lini kuacha? Andika kiwango cha makosa kwa kila kundi la mifano 250. Makundi ya kwanza yatakuwa na mengi, kisha yatapungua. Kundi likifika 12%, foleni haikupi zaidi ya ambacho ungepata kwa kuokota ovyo kwenye data ya mwanzoni. Acha.

Kosa ambalo nimelifanya mwenyewe: nilimwonyesha mkaguzi lebo ya zamani pamoja na pendekezo la modeli, akawa anakubali pendekezo karibu kila mara. Tulichofanya ni kubadilisha makosa ya watu kwa makosa ya modeli. Ficha zote mbili, changanya foleni na mifano ya nasibu, na mkaguzi aandike lebo upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Kwa uchafu wenye mwelekeo, hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoweza kuufikia, ila hata yenyewe si kwa urahisi. Modeli iliyojifunza kutoka kwa paka 3,000 na mbwa bandia 2,000 itatoa uwezekano wa karibu 0.6 kwa 0.4, na wale mbwa bandia hawatakuwa mbele kabisa ya foleni. Utawaona ukijumlisha: chora jedwali la lebo iliyoandikwa dhidi ya lebo iliyotabiriwa, na jozi ya paka na mbwa itavimba upande mmoja. Ukiiona hivyo, usikague mfano mmoja mmoja. Rudi kwenye maelekezo waliyopewa waweka lebo, kwa kawaida kuna sentensi inayosomeka kwa namna mbili.

Ninavyochagua

Makosa ya watu halisi huwa yanakaa kati ya nasibu na mwelekeo. Jiaheng Wei na wenzake waliziwekea picha za mafunzo za CIFAR-10 lebo mpya za watu watatu kila moja: ukichagua lebo mbaya kuliko zote pale zilipotofautiana, makosa ni kama 40%, ukichukua ya wengi kati ya watatu, ni kama 9%. Kwa hiyo kama bado hujalipia lebo, lipia mara tatu kwa mifano michache zaidi kabla ya kusoma mbinu yoyote ya hapo juu.

Kama lebo zimeshawekwa, anza na zile 200 za nasibu. Zikitoa chini ya 5% hivi, simama mapema, lainisha lebo, endelea na kazi nyingine. Zikitoa kati ya hapo na 20%, panga foleni na usafishe, na wakati wa kutabiri mafungu matano tumia hasara ya q = 0.7 ili modeli inayohukumu isiwe imelewa makosa yale yale. Zaidi ya 20%, angalia kwanza jedwali la jozi. Makosa yakiwa yametapakaa kila mahali na hakuna mkono wa kuyakagua, hasara mpya ndiyo ya kujaribu, kisha kuchuja ndani ya kila aina. Yakiwa yamejaa kwenye jozi mbili tatu, hizo zipewe lebo upya zote.

Kwa vyovyote vile, mifano ya majaribio ya mwisho ikaguliwe kwa mkono. Mwaka 2021 Curtis Northcutt, Anish Athalye na Jonas Mueller walikagua seti 10 za majaribio zinazotumika sana na kukuta wastani wa angalau 3.3% ya lebo zina makosa. Ukilinganisha modeli mbili zinazotofautiana kwa asilimia moja juu ya seti ya namna hiyo, huenda unachopima ni ipi inayokubaliana zaidi na makosa.